Picha imeshakropiwa na kiwiko cha bibi kiko ukingoni: uivute, uisogeze, uakisi kingo au uweke fremu?

Hili swali linanifikia kila mara kwa sura tofauti ila ni lile lile. Mtu ana picha, ameshaikropu ikakaa sawasawa na saizi ya kadi, tuseme A5 ya kulala yaani milimita 210 kwa 148, ameipenda, amepeleka kuchapa, alafu anaambiwa faili haina blidi, lete yenye blidi ya milimita 3 kila upande. Anarudi kwenye kompyuta anaivuta ile picha kidogo mpaka ijae, anatuma tena, na kadi zinarudi 200 zimekatwa safi kabisa ila mtu wa pembeni hana kiwiko.

Mi yalinikuta hayo kwa kazi ya familia moja na sijayasahau, maana yule wa pembeni alikuwa bibi yao, na ilibidi nirudie kazi yote. Kwaiyo leo nataka niweke njia nne za kutokea hapo ubavu kwa ubavu, nitumie picha ile ile moja kwa zote nne ili uone kila njia inakupa nini na inakunyang'anya nini, kwa milimita, sio kwa maneno matamu.

Kwanza tuelewane hii mistari. Kuna mstari wa kukatia, ndo ukubwa halisi wa kadi ikishatoka kwenye kisu. Nje yake kuna blidi, ni nyama ya picha iliyozidi ambayo inachapwa alafu inatupwa. Ndani yake kuna eneo salama, yaani umbali ambao kitu cha maana kinatakiwa kikae mbali na mstari, wengi wanasema milimita 3 ila kwa uso wa mtu au mkono mi nasema 5, nitaeleza kwa nini. Kwaiyo A5 ya 210 kwa 148 ukiweka blidi ya 3 kila upande inakuwa 216 kwa 154. Hapa ndo wengi wanajikwaa, wanaongeza 3 tu kwa jumla badala ya 3 kila upande, angalia sana hapo.

Sasa kwa nini kisu kisikate tu pale pale kwenye mstari tukaacha haya mahesabu? Kwa sababu hakikati karatasi moja. Kwenye gilotini unapanga rundo, bamba linashuka linakandamiza, alafu kisu kinashuka kwa mshazari. Bamba likikandamiza ovyo au kisu kikiwa butu, karatasi za juu zinavutwa kidogo wakati za chini zimetulia, kwaiyo nakala ya juu na nakala ya chini za rundo lile lile zinatoka tofauti. Hapo bado printa yenyewe haiweki picha sehemu ile ile kwenye kila karatasi, inacheza kidogo kadri inavyomeza karatasi. Ukijumlisha vyote, kukosea kwa milimita 1 mpaka 1.5 ni jambo la kawaida kabisa kwenye kazi nzuri, sio uzembe wa mtu. Blidi inakulinda kisu kikienda nje, usibaki na uzi mweupe wa karatasi ukingoni, eneo salama linakulinda kikija ndani. Ni ulinzi wa pande mbili tofauti na mmoja haufanyi kazi ya mwenzake, nasema hivi kwa sababu watu wanaweka blidi nzuri kabisa alafu wanaacha kichwa cha mtoto milimita 1 kutoka kwenye mstari wakidhani wameshamaliza.

Picha yetu ya mfano ni hii. Kamera imetoa pikseli 6000 kwa 4000. Watu watano wamesimama, nyuma yao juu kuna anga, chini ni sakafu ya vigae. Kushoto kabisa kasimama bibi, kiwiko kimetokeza. Kati kuna mjomba mrefu kuliko wote. Kulia kuna kijana, na baada yake ni ukuta mtupu. Dizaina kaikropu iwe na umbo la A5, kachukua urefu wote wa juu mpaka chini, pikseli 4000, na upana wa 5676 kutoka katikati, maana yake kaacha pikseli 162 kushoto na 162 kulia. Kwa kipimo hicho milimita 1 ni kama pikseli 27. Kiwiko cha bibi kiko milimita 4 kutoka ukingo wa kushoto wa kropu, nywele za mjomba ziko milimita 6 kutoka juu, viatu viko 9 kutoka chini, na bega la kijana liko mbali, kama milimita 33 kutoka kulia.

Ukiitazama kwenye skrini haina shida yoyote, milimita 4 zinaonekana nyingi tu.

Kuvuta picha ijae

Hii ndo njia ya kwanza ya kila mtu kwa sababu inachukua sekunde tano. Una faili iliyokropiwa, unaishika kona unaivuta mpaka ifunike 216 kwa 154. Tatizo ni kwamba umbo la kadi yenye blidi sio umbo lile lile la kadi isiyo na blidi. Upana umeongezeka kutoka 210 kwenda 216, hiyo ni karibu asilimia 3, ila urefu umetoka 148 kwenda 154, hiyo ni asilimia 4. Picha haivutwi upande mmoja tu (usije ukafanya hivyo watu wanakuwa wanene), kwaiyo unalazimika kuvuta kwa ile asilimia kubwa, 4, na hapo upana unafika 218.5.

Sasa hesabu kilichotokea. Kutoka 218.5 kurudi 210 unapoteza milimita 4.25 kila upande, kushoto na kulia. Kiwiko cha bibi kilichokuwa milimita 4, kwa kuvutwa kimefika 4.16. Toa 4.25. Kimeshavuka mstari kabla hata kisu hakijakosea! Yaani hata ukipata mkataji bora kuliko wote, kiwiko kinaguswa. Kisu kikija ndani milimita 1 unaona kabisa mkono umekatwa. Juu ni afadhali, nywele za mjomba zinabaki milimita 3.2 kutoka mstari.

Kwaiyo kuvuta sio dhambi, ila kuna sharti. Kwa A5, kama unataka kitu kibaki na milimita 5 za usalama baada ya kuvuta, kwenye kropu yako kinatakiwa kiwe kimekaa angalau milimita 9 kutoka ukingoni. Chukua rula ya kwenye programu, pima, kama kila kitu cha maana kiko ndani ya hapo basi vuta uendelee na maisha. Picha ya mlima, bahari, mtu mmoja katikati, vuta tu.

Na jinsi kazi inavyokuwa ndogo ndo kuvuta kunavyokula zaidi. Kadi ya biashara ya 85 kwa 55 yenye blidi inakuwa 91 kwa 61, hapo urefu unakutaka uvute kwa asilimia 11, ni nyingi mno. Bango la A3 linakutaka asilimia 2 tu. Kwaiyo mtu aliyezoea kuvuta kwenye mabango akaona haina madhara, akija kwenye kadi ndogo na tabia ile ile ataumia.

Kurudi kwenye originali na kusogeza kropu

Hii mi naipenda na inashangaza jinsi watu wanavyoisahau, kwa sababu nyama ya blidi mara nyingi ipo, ililala kwenye originali, wewe ndo uliitupa ulipokropu. Kwenye mfano wetu kuna pikseli 162 kushoto na 162 kulia ambazo hazitumiki. Blidi ya milimita 3 inahitaji pikseli 81 tu. Kwaiyo kwa pembeni tuna ya kutosha na inabaki.

Shida iko juu na chini. Dizaina alichukua pikseli zote 4000, hakuna kilichobaki, na 154 kwa kipimo kile kile ingetaka 4162. Tunapungukiwa 162. Kwaiyo ukitaka kutumia picha halisi peke yake bila kuongeza kitu, inabidi urefu wote wa 4000 ukae kwenye 154, maana yake bado umeikuza picha kwa ile ile asilimia 4 na bado unapoteza milimita 3 juu na 3 chini. Mjomba anabaki na 3.2 kama mwanzo.

Lakini kushoto mambo yamebadilika kabisa. Fremu mpya ya kropu ina upana wa pikseli 5610, originali ina 6000, kwaiyo una 390 za kuchezea, na hakuna sheria inayosema ukropu kutoka katikati. Isogeze yote kushoto mpaka ianzie ukingo wa originali. Kiwiko kilikuwa pikseli 270 kutoka ukingo wa originali, kwa kipimo kipya hiyo ni milimita 10.4, toa blidi 3, kimebaki 7.4 kutoka mstari wa kukatia. Kutoka kukatwa mpaka zaidi ya milimita 7, bila kugusa kitu chochote zaidi ya kusogeza. Kulia kijana bado ana karibu milimita 23, ukuta mtupu ndo uliolipa gharama.

Kinachopotea hapa ni mizani ya picha. Kundi halitakuwa katikati kama alivyotaka mpiga picha, limesogea kidogo kulia. Kwa kundi lenye ukuta mtupu upande mmoja hakuna atakayelalamika, mara nyingi hata inapendeza. Ila kama picha ina kitu kinachodai kuwa katikati, mlango, njia, mti mmoja, hapo kusogeza kunaonekana mara moja na itabidi usogeze kidogo tu au usisogeze.

Na kuna kikwazo cha wazi, hii njia inataka uwe na originali. Mteja aliyekutumia picha iliyopita kwenye simu ya watu watatu imeshakropiwa na kila mmoja, hauna pa kurudi. Uliza kabla ya kuanza, "una ile ya kwanza kabisa kutoka kwenye kamera?" Mara nyingi anayo, hakujua tu kwamba unaihitaji.

Kuakisi kingo

Hapa unaiacha picha kwa ukubwa wake wa kropu ya mwanzo, hauikuzi, na ile milimita 3 inayokosekana unaitengeneza kwa kuugeuza ukingo kama unavyojiona kwenye kioo. Ukanda wa milimita 3 wa mwisho wa picha unakunjuliwa kwenda nje.

Watu wengi wanaiogopa hii, wanaiona ni udanganyifu. Mi nadhani wanasahau kitu kimoja, blidi kazi yake ni kutupwa. Kama kila kitu kikienda sawa hakuna binadamu atakayeuona ule ukanda. Kisu kikikosea kwa milimita 1 kwenda nje, mtu ataona milimita 1 ya anga iliyoakisiwa, ambayo ni anga. Kwaiyo sio lazima ukanda wote wa 3 upendeze, ile milimita moja na nusu ya kwanza inayogusana na picha ndo inatakiwa ifanane.

Inafaa kwa anga, majani, mchanga, ukuta, kitambaa, giza. Haifai kabisa pale ambapo kitu kinachotambulika kiko ndani ya ule ukanda wa mwisho, kwa sababu kitajirudia. Kidole kinachogusa ukingo kitaota kidole kingine kinachokitazama. Maandishi yatasomeka kinyume. Na mistari ya mshazari inavunjika, vigae vinavyokwenda kwa pembe vikifika ukingoni vinageuka kama herufi V. Kwenye picha yetu chini ni vigae, nilivikagua kwa kukuza sana, vinakwenda karibu wima kwenye ukingo kwaiyo kuvunjika kwake hakuonekani. Vingekuwa vya mshazari mkali ningefikiria mara mbili.

Mjomba je? Nywele ziko milimita 6 kutoka juu, ukanda unaoakisiwa ni 3 tu, kwaiyo haziingii kwenye kioo. Ni anga peke yake.

Na uzuri ni kwamba unaweza kuichanganya na kusogeza. Kushoto na kulia tunachukua nyama halisi ya originali, juu na chini tunaakisi. Kropu inaanzia ukingo wa kushoto wa originali, upana 5838, na pikseli 81 za kioo juu na 81 chini. Ukiwa na ImageMagick toleo la 7 ni mstari mmoja:

```
magick originali.jpg -virtual-pixel mirror \
  -set option:distort:viewport 5838x4162+0-81 \
  -filter point -distort SRT 0 +repage yenye-blidi.png
```

Ile `5838x4162` ni ukubwa wa mwisho pamoja na blidi, `+0` ni mwanzo wa upana, na `-81` ndo inasema anza pikseli 81 juu ya picha yenyewe, huko ambako hakuna kitu, na `mirror` inajaza. Kama hutumii vitu vya kuandika amri, kwenye programu yoyote ya picha nakili ukanda wa juu, ugeuze juu chini, uuweke juu yake, matokeo ni yale yale.

Matokeo: kiwiko milimita 7 kutoka mstari, nywele 6. Vyote viwili viko salama zaidi ya 5, na nyuso zimebaki ukubwa ule ule alioupenda mteja.

Kuweka fremu nyeupe

Hii inakwepa blidi yenyewe. Picha haifiki ukingoni, inakaa ndani na pembeni kuna karatasi nyeupe. Hakuna wino unaogusa kisu kwaiyo hakuna uzi mweupe wa kuogopa, upo tayari na ni wa makusudi.

Kitu ambacho hakisemwi sana ni kwamba fremu inaweza kukurudishia kile ambacho kropu ilikunyang'anya. Angalia, A5 ukiiacha milimita 8 kushoto na kulia, picha inabaki na upana wa 194. Originali nzima ya 6000 kwa 4000 ikikaa kwenye 194 inakuwa na urefu wa 129.3, kwaiyo juu na chini kunabaki 9.3 kila upande. Picha nzima imeingia, bila kukropu hata pikseli moja, na fremu inakaribiana pande zote. Kiwiko sasa kiko karibu milimita 17 kutoka kwenye kisu, nywele za mjomba kama 14.6. Hakuna kisu kitakachofika huko.

Gharama ni mbili. Ya kwanza, watu wamepungua, kama asilimia 12 au 13, uso uliokuwa milimita 20 sasa ni kama 17 na nusu. Kwa kundi la watu watano bado wanatambulika, kwa kundi la watu thelathini utasikia malalamiko.

Ya pili ndo nzito na ndo inawakamata wengi. Fremu haifichi kosa la kisu, inalitangaza. Ukiweka fremu ya milimita 3 ukidhani ni ya kupendeza na nyembamba, kisu kikahama milimita 1 tu, upande mmoja unakuwa 2 na mwingine 4, yaani mmoja ni mara mbili ya mwenzake, mtu yeyote anaona. Fremu ya 8 ikihama 1 ni 7 na 9, unaiona ukiitafuta. Kwaiyo fremu nyembamba ndo chaguo baya kuliko yote manne kwa mtazamo wangu, hata kuliko kuvuta.

Afu kuna kupinda. Karatasi ikiingia kwenye kisu imepinda nyuzi 0.3, kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho, kwenye urefu wa milimita 210 kosa linafika 1.1 kutoka kona hadi kona. Kwenye picha yenye blidi hakuna anayejua. Kwenye fremu unaona kabari nyeupe, pana huku nyembamba kule. Nilishashika kadi za namna hiyo na jicho haliondoki pale.

Fremu ya rangi ni jambo jingine, hiyo inafika ukingoni kwaiyo inahitaji blidi kama kawaida, watu wanachanganya hapo. Ila kuitengeneza blidi yake ni rahisi, ni kurefusha rangi tu.

Zikikaa pamoja

Hizi namba ni za picha yetu, umbali kutoka mstari wa kukatia kwa milimita:

| Njia | Kiwiko cha bibi | Nywele za mjomba | Ukubwa wa nyuso | Inataka originali? |
|---|---|---|---|---|
| Kuvuta | kimevuka mstari | 3.2 | +4% | hapana |
| Kusogeza | 7.4 | 3.2 | +4% | ndiyo |
| Kuakisi na kusogeza | 7 | 6 | ile ile | ndiyo |
| Fremu ya 8 | 16.7 | 14.6 | pungufu kama 12.6% | ikiwepo ni bora |

Mi kwa picha hii nachukua kuakisi na kusogeza bila kusita, kwa sababu juu ni anga na kwa pembeni nyama halisi ipo. Anga ingekuwa na nyaya za umeme za mshazari au jengo lenye madirisha mpaka ukingoni, ningehamia kusogeza peke yake nikubali ile 3.2 ya mjomba, maana 3.2 ukitoa kosa la 1.5 bado anabaki na 1.7, hakatwi. Ila anaonekana amegandishwa kwenye ukingo, na hii ndo sababu yangu ya kusema 5 kwa nyuso na sio 3. Tatu inamwokoa na kisu lakini haimpi pumzi.

Kama originali haipo na kitu cha maana kiko chini ya milimita 9 kutoka ukingo wa kropu, chaguo ni mbili tu, kuakisi pande zote nne kama kingo zinaruhusu, au fremu. Kumbuka ukiakisi bila kusogeza, kiwiko kinabaki milimita 4 zile zile, kisu hakikifikii ila kinakaa ukingoni kidogo. Na kwenye faili yetu iliyokropiwa fremu inakuwa hivi, urefu unakaa 132 na upana 187, kwaiyo pembeni unaacha 11 na juu na chini 8. Sio mbaya.

Unapotuma kwa mchapaji, hakikisha blidi imeingia kweli kwenye faili ya mwisho, sio kwenye skrini yako tu. Kwenye InDesign blidi unaiweka Document Setup, alafu wakati wa kutoa PDF ingia Marks and Bleeds uweke alama kwenye Use Document Bleed Settings, bila hiyo unaweza ukawa na blidi nzuri kabisa kwenye kazi alafu PDF ikatoka bila nayo. Pale pale kuna Offset ya alama za kukatia, ya kwao ni 2.117 mm, ni ndogo kuliko blidi yako, kwaiyo alama zinaingia ndani ya blidi na kisu kikienda nje unaweza kuona kimstari cheusi pembeni ya kadi. Andika 3 mm.

Alafu ikague PDF yenyewe:

```
pdfinfo -box kadi.pdf
```

Itakupa TrimBox, yaani mstari wa kukatia, na BleedBox, yaani ukubwa pamoja na blidi, kwa pointi. Kwa A5 ya kulala tofauti ya TrimBox kutoka kushoto kwenda kulia inatakiwa iwe karibu 595.28, na ya BleedBox 612.28. Kama namba ni zile zile mbili, haina blidi, usitume.

Na kabla ya kuruhusu nakala 200 nina kajaribio ninakofanya kwa mikono. Nachapa moja pamoja na blidi yake bila kuikata. Nachukua kadibodi natoboa dirisha la 210 kwa 148 kamili. Naiweka juu ya prufu, naanza kuisogeza, milimita 1 na nusu kushoto, kulia, juu, chini, alafu naipindisha kidogo. Kila ninapoisukuma naangalia vitu viwili, je kuna weupe umechungulia, na je kiwiko bado kinapumua. Namwita na mteja naye aisogeze mwenyewe. Bibi wa ile familia, kazi iliporudiwa, aliishika ile kadibodi akaisukuma mpaka mwisho kulia, yaani upande unaomla yeye, akaona mkono wake upo mzima, ndo akasema sawa chapa.

Kadi zikishakatwa usiangalie ya juu tu. Shika rundo zima, lifungue kama karata ukitazama ukingo mmoja. Kama umbali wa kiwiko unabadilika polepole kutoka nakala ya juu mpaka ya chini, kisu kinavuta, ni butu au bamba halikandamizi vizuri, mwambie mkataji apunguze unene wa rundo. Kama zote zimehama sawasawa kwa upande mmoja, kipimo cha nyuma cha gilotini kiliwekwa vibaya, hiyo inarekebishika kwa zilizobaki. Na kama zinaruka ruka bila mpangilio, moja hivi nyingine vile, hiyo ni printa ilivyomeza karatasi na mkataji hawezi kuitibu, hapo ndo zile milimita 7 za bibi zinafanya kazi yake. Zile 200 za mara ya pili zilikuwa za kundi hili la mwisho, zimerukaruka karibu milimita nzima, na nilizipitia moja moja mezani mpaka ya mwisho, kiwiko kipo kwenye zote.